Ukuta Uliozunguka Kaburi

Barua ya msanifu ilifika siku ya Ijumaa, mke wangu akiwa jikoni akimalizia chakula cha Sabato. Msanifu huyo ni mwanamke kijana mwenye ofisi Homa Bay, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliituma ndani ya bahasha, kwa dereva wa matatu, kwa kuwa alikwisha kunifahamu: mambo mazito siyasomi kwenye simu. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu, huku karibu na Masara, na barua hiyo niliiomba mwenyewe. Nilimwandikia kwamba makadirio yametushtua, nikamwomba atueleze, kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu kama mimi anaweza kuyasoma mbele ya akina mama, kwa nini kanisa tulilochorewa lina gharama kubwa kuliko uwezo tuliomtajia.

Alieleza. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nami naitoa hapa kwa maneno yangu. Alisema makadirio yamezidi bajeti yetu kwa karibu theluthi moja. Sehemu ndogo ya ziada hiyo ilitokana na bei ya chuma na saruji iliyopanda tangu tulipoanza. Sehemu kubwa ilitokana na umbo la jengo. Kiwanja chetu ni chembamba upande wa chini, na ili kulikwepa kaburi lililo pale, ukuta wa mashariki ulilazimika kukunjwa. Kila kona inaongeza nguzo na urefu wa ukuta. Paa nalo haliwezi kwenda moja kwa moja. Kenchi za kulibeba haziwi za kipimo kimoja, na panapokutana mapaa mawili maji hukusanyika, kwa hiyo panahitaji kazi ya ziada ili pasivuje. Aliandika pia kwamba kosa lake lilikuwa kutotuambia mapema, wakati wa michoro ya kwanza, kuwa kona zile zingekuwa na bei.

Halafu alitupa njia nne. Ya kwanza, tupunguze ukumbi ubaki upande mmoja wa kaburi, watu wachache waketi. Ya pili, tuache umbo lilivyo lakini tuondoe roshani na dari, tujenge kwa awamu, tuanze na msingi, kuta na paa, mengine yasubiri. Ya tatu, ikiwa familia ya marehemu itaridhia kwa maandishi, na serikali ikatoa kibali, mabaki yahamishwe kwa heshima na ukumbi uwe mstatili ulionyooka. Njia hiyo, aliandika, ndiyo pekee inayotupa ukumbi mzima ndani ya bajeti. Ya nne, jengo lipande juu ya mteremko, mahali tulipokusudia madarasa ya watoto. Madarasa yasingekuwapo, na pangehitajika kukata ardhi na kujenga ukuta wa kuizuia. Aliomba jibu la maandishi kabla hajaendelea na michoro ya kazi na kuipeleka kaunti kuidhinishwa.

Niliisoma mara mbili, nikaikunja. Sikuipenda ile njia ya tatu, nayo ndiyo ilikuwa na akili kuliko zote.

Kaburi lile lilikuwa la mtoto wa rafiki yangu. Yeye ndiye aliyetoa kiwanja. Ni mzee wa kanisa kama mimi, na tulibatizwa siku moja katika mto mmoja, watu wazima wote wawili. Kabla ya hapo alikuwa mchimbaji. Alikuja huku kutoka visiwa vya ziwani kutafuta dhahabu, akanunua shamba, akachimba mpaka alipochoka, kisha akamjua Mungu na kufungua kinu cha kusaga mahindi. Siku alipotangaza mbele ya kanisa kwamba anatoa kiwanja, akina mama walipiga vigelegele, nami nililia bila aibu. Tulikuwa tumesali chini ya turubai miaka mingi.

Mhandisi alipokuja na vijana wa kuchimba mashimo ya kupima udongo, alionyesha sehemu tatu. Ya tatu ilikuwa kwenye kona ya mashariki. Rafiki yangu akamshika mkono. "Hapo hapana," alimwambia. "Hapo nimelaza mtoto wangu wa kwanza." Alitueleza kwamba alimzika kabla hajatufahamu, na kwamba mama wa mtoto alirudi kwao na hakuonekana tena. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu mtu akikuonyesha kaburi la mtoto wake, huulizi liko wapi jiwe. Mhandisi alisogeza shimo lake mbali, na msanifu akaweka alama kwenye mchoro, mstatili mdogo ulioandikwa "Kaburi", akaukunja ukuta.

Mimi na mke wangu tulizika binti kabla hajaanza shule. Sisemi sana habari zake. Lakini tangu siku ile, kila Sabato baada ya ibada, mimi na rafiki yangu tulikwenda kusimama pale kwenye kona, na ndipo nilipomwambia mambo ya binti yangu ambayo hata mchungaji sijamwambia. Yeye aliinamisha kichwa, akasema, "Tunajua sisi, omera, ndugu yangu. Wengine hawajui." Mke wangu alikata matawi ya maua mekundu yaliyo kwenye kaburi la binti yetu nyumbani, akayapanda pale. Yalishika vizuri.

Kwa hiyo nilikwenda kwake Jumapili na barua mfukoni kama mtu anayekwenda kuomba kitu kisichoombwa. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kumwambia kwamba akikataa sitamlaumu, na kwamba nitaiambia kamati tuchague ukumbi mdogo. Nilimkuta kinuni akifagia unga. Aliniletea kiti, akanitania kwamba siku hizi natembea kama mkaguzi wa shule.

Nilimsomea barua yote, polepole, nikaitafsiri kwa Kijaluo. Nilipofika njia ya tatu, aliacha kufagia. Nikamwambia tungefanya kwa heshima, kwamba mtoto angehamishiwa nyumbani kwake, karibu na mlango wake, na kanisa zima lingekuwa naye siku hiyo.

Aliuegemeza ufagio ukutani, akajipangusa unga mikononi. Nilidhani ni uchungu.

"Hakuna wa kuhamisha, Mwalimu," alisema.

Sikuelewa. Nikamwambia najua miaka ni mingi, lakini mabaki hayakosi.

"Nimesema hakuna. Pale ni shimo langu la zamani. La dhahabu. Nililijaza mawe na magogo na udongo nilipoacha kazi."

Nilimuuliza mtoto yuko wapi. Alisema hakuwahi kuwa na mtoto kabla ya hawa tunaowajua. Alisema alipotoa kiwanja mbele ya watu hakulikumbuka shimo, furaha ilimtangulia. Alilikumbuka siku ya mhandisi, alipomwona akielekeza kidole pale. Aliona aibu kwamba sadaka yake ina tundu, akaogopa tutaikataa, watu wamcheke kwamba amempa Mungu kile ambacho hakuna mtu angekinunua. Neno la kaburi likamtoka. Baada ya hapo, alisema, lilikwisha kuwa kaburi.

"Lina kina gani?"

"Refu. Na huko chini linapinda kuelekea katikati ya kiwanja."

"Na ungetuacha tujenge? Ukuta umepita hatua chache kutoka hapo."

"Nilidhani mkilizunguka inatosha."

Nilimtazama mtu huyu niliyebatizwa naye. Nilifikiria mvua za Aprili, udongo ule ukishuka taratibu, nguzo ya kona ikishuka nao, na watoto wa Shule ya Sabato wakiwa wamekaa chini yake. Nilifikiria pia, na ndilo lililoniuma zaidi, Mungu anisamehe, zile Sabato tuliposimama pale. Nilikuwa nimemfungulia msiba wangu, naye aliuchukua akauvaa.

"Uliponiambia tunajua sisi," nilisema, "ulikuwa unajua nini?"

Aliniomba niiambie kamati kwamba familia imekataa kuhamisha kaburi. Alisema hilo lingemaliza mambo, tungechagua njia ya nne, jengo lingepanda mteremko, na hakuna mtu angeumia. Aliniita jaduong', yaani mzee, neno ambalo huwa hanipi, maana tu rika moja.

Ningeweza. Ukweli ni kwamba ilikuwa rahisi. Lakini barua ilitaka jibu la maandishi, na mimi ndiye ningetia sahihi. Msanifu angechora juu ya kile nilichomwandikia, mhandisi angekokotoa nguzo juu yake. Na shimo lile lilipinda chini kwa chini, hakuna aliyejua mpaka wapi.

Nilimpa siku chache aseme mwenyewe. Hakusema. Nilikwenda Homa Bay, nikamweleza msanifu ana kwa ana. Alifungua mchoro mezani, akaweka kidole juu ya ule mstatili mdogo, akakaa hivyo.

"Mzee, mimi nilikunja jengo zima kwa sababu ya hili," alisema. "Ningeliweka jina langu hapa."

Nilimwomba radhi kwa niaba ya kanisa. Alisema radhi si yangu kuomba, kisha akachukua kalamu. Barua yake ya pili ilikuwa fupi. Aliziondoa njia tatu za kwanza. Alishauri njia ya nne, lakini baada ya udongo wa kule mteremkoni kupimwa upya kwa mashimo mengi zaidi, na baada ya ofisi ya madini kuulizwa kama ina habari za machimbo ya eneo lile. Ukumbi bila roshani, madarasa baadaye Mungu akijalia. Kona ya mashariki izungushiwe uzio, mtu asijenge chochote.

Niliisoma kwenye kamati. Rafiki yangu alikuwa ameketi safu ya mbele. Nilipofika penye shimo nilisita, nikampa nafasi. Aliangalia viatu vyake. Ikabidi nimalize mimi, na nikaeleza kaburi lilikuwa nini. Mama mmoja aliyekuwa akileta maji pale kumwagilia maua alitoka nje. Hakuna aliyemtukana. Tuliomba, tukapiga kura, tukachagua mteremko. Yeye pia aliinua mkono.

Sasa msingi unachimbwa juu, na udongo wa huko umepimwa na ni imara, namshukuru Mungu. Yeye bado ni mzee wa kanisa. Hakuna aliyemtaka ajiuzulu, na kiwanja ni sadaka yake kweli. Tunasalimiana. Nimesema mbele za Mungu kwamba nimemsamehe, na najitahidi iwe hivyo. Ila siwezi tena kumweleza habari za nyumbani kwangu, hata homa ndogo ya mjukuu.

Kabla ya fundi kuweka uzio, mke wangu alichukua jembe akaenda kwenye kona. Nilimfuata, nikiogopa ardhi isije ikatitia. Alikuwa ameshayang'oa maua yote, mizizi ikiwa na udongo wake, na ameyalaza kwenye beseni.

"Tunayarudisha kwa mwenyewe," alisema.

Nikalishika beseni upande mmoja, naye upande wa pili, tukaenda nyumbani.