Mkwe Nyuma ya Ukuta

Hebu mfikirie mama anayekuja na njia ya Mbalizi asubuhi ya Agosti, ule mwaka wa hamsini na sita, upepo wa baridi ukimpiga usoni mpaka macho yanatoa machozi. Amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi jana, na juu yake khanga. Kichwani ana kikapu, na ndani ya kikapu kuna vipande vya maboksi ya sabuni vilivyokatwa sawasawa na kuandikwa maneno kwa mkaa. Hatembei kama mtu anayekwenda sokoni. Anatembea kama mtu aliyekwisha kuyasema moyoni maneno yake yote na sasa anaogopa yasimdondoke njiani.

Huyo ndiye Atuganile, mke wa Asukile seremala. Watu wa Mbalizi walimwita Mama Lusia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wachache tu walikumbuka kwamba kabla ya kuolewa aliitwa Mwalimu. Alisomea ualimu Iringa, kwenye shule ya wasichana ya misheni, akafundisha darasa la kwanza miaka mitatu, kisha akaolewa. Akazaa Lusia, akazaa wa pili, wa tatu, wa nne. Miaka tisa ikapita hivyo.

Sasa mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amehamishiwa Chimala, na watoto hamsini walikuwa wamekaa bila mtu. Walioomba nafasi walikuwa wawili: Atuganile, na kijana mmoja aliyemaliza darasa la nane. Kijana hakuwa na cheti cha ualimu, lakini alikuwa na sauti kubwa na hakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Mwalimu mkuu, Sedekia, alimtaka kijana. Hakuficha.

"Cheti cha mama yule ni kizuri," alikuwa amemwambia Asukile dukani. "Ila, ndugu yangu, hata panga zuri ukiliacha darini miaka tisa, utalima nalo?"

"Panga halilimi, Mwalimu," Asukile alimjibu. "Jembe ndilo linalolima. Wewe mlete kwanza umwone."

Basi utaratibu ulikuwa huu. Mwalimu aliyeacha darasa muda mrefu hakunyang'anywa cheti chake, lakini msimamizi wa shule za misheni hakumrudisha kazini mpaka amhoji mbele ya kamati ya shule, halafu amwone kwa macho akifundisha. Msimamizi aliitwa Bwana Eliezeri, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza huku ametazama viatu vyake. Kamati ilikuwa yeye, Mwalimu Sedekia, na mzee mmoja wa kanisa.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzee wa kanisa alikuwa Mzee Saulo, baba yake Asukile. Mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wake. Wakikutana njiani, mama anaingia porini na kugeuza uso mpaka mzee apite. Hawakai chini ya paa moja, hawatazamani, hawazungumzi. Wakristo wengi walikuwa wamekwisha kulilegeza jambo hilo, lakini Mzee Saulo hakulegeza kitu. Hata kanisani, ambako paa ni moja kwa wote, aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa wa kwanza, na Atuganile aliingia kwa mlango mkubwa akiwa wa mwisho, na nguzo ikakaa katikati yao.

Atuganile alipofika mlangoni pa ofisi ya shule, aliiona fimbo ya mzee imeegemezwa ukutani. Akasimama. Akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso, akarudi nyuma, akapiga magoti uani kando ya dirisha.

"Ingia, mama," Bwana Eliezeri aliita.

"Siwezi, Bwana Msimamizi. Mkwe yumo."

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Mzee Saulo, lakini hakumjibu yeye. Alimwambia Sedekia, kwa nguvu, ili isikike nje. "Mwalimu, umeona? Ndiyo maana nilisema haitawezekana. Mimi sina neno baya na mke wa Asukile. Lakini mwalimu gani huyu ambaye hawezi kuingia chumba kilichokaa kamati?"

"Hilo kweli," alisema Sedekia. "Tuandike kwamba imeshindikana."

Atuganile aliyakumbuka maneno yote aliyoyapanga, na hakuna hata moja lililofaa. Kama angeinuka aende zake, kijana angeanza kazi Jumatatu, na nafasi nyingine ya darasa la kwanza haingetokea karibu na nyumbani, labda kamwe.

"Bwana Msimamizi," alisema, bado amepiga magoti, "naomba neno. Nimekuja kuonyesha kama watoto wanaweza kusoma mkononi mwangu. Kusoma kunasikika. Mzee akipewa kiti nyuma ya ukuta wa darasa, upande ule wa dirisha, hataniona na mimi sitamwona. Masikio yake yatakuwa kwenye kamati."

Kikasikika kicheko kidogo. Kilikuwa cha Bwana Eliezeri. "Mzee, unasemaje?"

"Kiti kiwe na mgongo," alisema Mzee Saulo. "Na kiwekwe juani."

Basi mzee akatolewa kwa mlango wa nyuma, akakalishwa juani nyuma ya ukuta, na Atuganile akaingia ofisini. Sedekia ndiye aliyeanza.

"Mama Lusia, miaka tisa hii umefanya kazi gani?"

Na hapo mama akakosea, kosa ambalo mama zetu wengi wangelikosea, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamke mwenye heshima hajisifu. Akainamisha kichwa, akasema, "Nilikaa tu nyumbani."

Sedekia akageuka kumtazama msimamizi, kama mtu aliyekwisha kushinda. Bwana Eliezeri aliendelea kutazama viatu vyake.

"Kukaa kuna namna nyingi," alisema taratibu. "Mimi nauliza kama ninavyomwuliza fundi. Mikono yako ilikuwa inafanya nini?"

Atuganile akainua kichwa. "Nimelea watoto wanne, Bwana. Nilipoona mmoja anasoma na mwingine anachafuka, nikajifunza kumpa mkubwa kazi ya kumfundisha mdogo, huku mimi namshika wa tatu. Lusia aliingia shule akiwa anasoma tayari. Jumatano nawafundisha akina mama wa kanisa kusoma. Kumi na mmoja sasa wanasoma wenyewe. Na Juni nilikwenda Iringa."

"Iringa kufanya nini?"

"Kulikuwa na mafunzo ya walimu wakati wa likizo. Sikuandikwa, kwa kuwa sikuwa na shule ninayofundisha. Nilipanda basi la Relwe, lile la shirika la reli, na mtoto mgongoni, nikamwomba Mwalimu Severina wa Kalenga, aliyenifundisha zamani, anikubalie kukaa nyuma. Zamani sisi tuliwaimbisha watoto ba, be, bi, bo, bu mpaka wanalala. Siku hizi unaanza na sentensi anayoielewa mtoto, unaivunja kwa maneno, neno unalivunja kwa silabi. Nilikaa siku zote za mafunzo. Mtoto akilia nilitoka, akinyamaza nikarudi."

"Na huyo mtoto, shule ikianza?" aliuliza Sedekia. "Akiugua?"

"Amekwisha kuacha kunyonya, Mwalimu. Mama mkwe ndiye atakayekaa naye, tumekubaliana. Akiugua sana nitaomba ruhusa, kama wewe ulivyoomba ulipougua malaria."

Bwana Eliezeri akakohoa, akainuka. "Twende darasani."

Watoto hamsini wanaokaa bila mwalimu wiki nzima, msomaji, unaweza kuwawaza mwenyewe. Wawili walikuwa juu ya dawati. Mmoja alilia kwa sababu kibao chake kimevunjwa. Atuganile hakupiga kelele. Alimchukua aliyelia, akamkalisha karibu yake, akampa kikapu ashike. Mtoto akanyamaza kwa heshima ya kikapu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile ya mama anayetaka watoto wasogee wasikie, "Nani ameona kitu njiani leo?"

Mikono ikapanda. Msichana mmoja akasema, "Baba analima."

Akaiandika sentensi hiyo ubaoni. Akawauliza nani mwingine analima, nani anacheka, akaandika tena. Akatoa kikapuni kadi zake, vile vipande vya maboksi, wakalinganisha neno la kadi na la ubaoni. Halafu akawagawa vikundi, kila kikundi mtoto mmoja mwepesi, na yeye akapita katikati, akiinama hapa, akifuta pua pale, hapitwi na kitu.

Sedekia akanong'ona, "Wamekariri. Hata kasuku anakariri."

Bwana Eliezeri alimsikia. Akaenda mbele, akafuta ubao wote, akachukua kadi kutoka vikundi vitatu na kuzipanga mwenyewe. Akamwonyesha yule aliyekuwa analia.

Mtoto akatazama.

"Ma... mama," alisema. "Mama a... na... anacheka."

Sentensi hiyo haikuwa imeandikwa ubaoni asubuhi ile. Msimamizi akabadilisha kadi, mwingine akasoma. Akabadilisha tena. Watoto wakaanza kugombania kusoma, wakisimama, wakipiga vidole. Sedekia alikunja mikono, kisha akaikunjua, na safari hii alikuwa anatazama watoto.

Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya ukuta.

"Bwana Eliezeri. Nina neno, na ulipeleke unakojua."

"Sema, Mzee."

"Miaka yote hii mimi siwezi kuingia nyumbani kwa mwanangu mke wake akiwapo. Nakaa migombani, nasubiri wajukuu waje. Jioni nasikia kwa mbali, huko ndani, sauti ya chini inafundisha. Mtoto anakosea, sauti haikemei, inarudia. Nilidhani ni Asukile. Nikasema, seremala huyu ana subira, sikujua. Leo nimeisikia sauti ile ile hapa. Mwambieni mke wa Asukile kwamba mimi nimekwisha kumhoji, na imechukua miaka."

Atuganile aligeukia ubaoni, akaufuta tena ingawa ulikuwa mtupu. "Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo ukuta ungeweza kuipitisha.

Bwana Eliezeri alimwuliza Sedekia mbele ya mlango, "Mwalimu Mkuu, unasemaje?"

"Nasema kijana yule ana sauti kubwa," alisema Sedekia. Akajikuna shingo. "Lakini watoto hawakuhitaji sauti kubwa. Mama Lusia aanze Jumatatu."

"Mwalimu Atuganile," alisahihisha msimamizi.

"Mwalimu Atuganile," alisema Sedekia, na alisema vizuri.

Alianza Jumatatu. Mwisho wa mwaka ule watoto wote wa darasa la kwanza, isipokuwa wawili waliougua surua, walisoma mbele ya wazazi, na wazazi wakashangilia mpaka waliokuwa njiani wakaingia kutazama. Marta, jirani yake, aliyekuwa akimcheka kwa kubeba maboksi matupu ya sabuni, sasa alimletea yake yote.

Jambo moja tu ndilo lililobaki. Mwalimu wa shule anatakiwa kuhudhuria kikao cha kamati kila mwezi, na mzee wa kanisa naye anatakiwa. Kikao cha kwanza cha msimu wa mvua walifika wote wawili, mmoja kwa kila mlango, na mvua ilikuwa inanyesha. Kiti cha nyuma ya ukuta kilikuwa kimelowa. Bwana Eliezeri alisimama katikati akiwatazama watu wawili wasiotazamana, kila mmoja akiwa na haki ya kuwa ndani. Kama ungekuwa wewe, msomaji, ungemwambia nani aketi kwenye mvua?