Karanga za Ijumaa

Linah Cheptanui wa mtaa wa Section 58 alikaa Chiang Mai miaka miwili akisomea teknolojia ya chakula. Alirudi na cheti, mwavuli, na lugha ambayo Nakuru haikuwa na kazi nayo. Kanisani walimwomba aseme "Bwana asifiwe" kwa Kithai, akasema, wakapiga makofi, na soko la lugha hiyo likafungwa kwa miaka mitatu.

Lilifunguliwa Agosti 2008. Jaswant, mwenye kiwanda cha makadamia huko Industrial Area, alipata mnunuzi Bangkok. Mwanzoni mwa mwaka barabara zilifungwa kwa ghasia za uchaguzi na mzigo wake ukaozea stoo, kwa hiyo kontena hii aliitazama jinsi mtu anavyotazama mtoto aliyepona surua. Ingeondoka Jumamosi. Kilichobaki ni stika ya Kithai, na karatasi ya mnunuzi iliyotaka sahihi ya mtafsiri: kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Ijumaa saa nne Linah, aliyeitwa kuitafsiri, alimwekea rasimu mezani. Jaswant alivaa miwani.

"Madam, mafuta yangu iko wapi? Hapa kwa Kiingereza ni gramu sabini na sita. Wewe umeandika ishirini na tatu."

"Ya Kiingereza ni kwa gramu mia, Bwana Jaswant. Thailand wanahesabu kwa mlo mmoja. Kwa makadamia ni gramu thelathini. Halafu unaonyesha hiyo ni asilimia ngapi ya mahitaji ya siku. Thelathini na tano."

"Na hii, 'milo mitano kwa pakiti'? Pakiti ni gramu mia na hamsini. Mimi namaliza peke yangu kabla ya habari."

"Jedwali lao halijui hivyo."

Mtu aliyezoea nyama choma ya Kikopey, ambako mlo hupimwa kwa kilo na mfupa huhesabiwa kama heshima, hawezi kukubali gramu thelathini bila maombolezo. Jaswant akafika kwenye tarehe.

"Inaisha 2552?"

"Wanahesabu miaka ya Buddha. Kwetu ni mwaka kesho."

"Ungeniacha tu niamini," alisema kwa masikitiko. "Miaka mia tano inauza."

Ubishi wa kweli ulikuwa mstari wa mwisho, wa wenye mzio. Kiingereza cha Jaswant kilisema: ina makadamia, haina karanga. Mnunuzi aliupenda mstari huo. Alikuwa ameuomba mwenyewe, ubandikwe mbele ya pakiti.

"Karanga huwa haichomwi hapa kabisa?" Linah aliuliza.

"Madam, tangu baba yangu anunue hii ploti, karanga haijawahi kupita kwa hiyo geti. Weka sahihi."

Linah alichukua kalamu. Mlango ukafunguliwa na Kemboi, mchomaji wa kiwanda kwa miaka kumi na tisa, akaingia na sinia: chai ya maziwa, na bakuli la karanga zenye chumvi na pilipili, za moto.

Jaswant alichota kiganja bila kutazama, jinsi alivyofanya kila Ijumaa saa nne. Akatafuna. Linah akaweka kalamu chini.

"Mzee Kemboi, hizi zimechomwa wapi?"

"Kwa mashine. Iko na moto sawa."

"Mashine ya makadamia?"

"Lakini hizi si za kampuni," Kemboi alieleza, akidhani ameshtakiwa kwa wizi. "Ni zetu. Tunanunua na pesa yetu."

"Na baada ya hapo mnaosha?"

"Tunapanguza na kitambaa. Tena safi."

Jaswant alikuwa ameacha kutafuna, lakini mdomo ulikuwa umejaa na hapakuwa na njia ya heshima ya kutema.

"Madam, wewe ni mtafsiri," alisema hatimaye. "Si inspekta. Tafsiri vile nimeandika."

"Nikitafsiri vile umeandika, mtoto wa mtu ataamini. Kuna wenye wakionja chembe tu, koo inafunga. Na hapo chini ni jina langu, si lako."

"Kontena inaondoka kesho."

"Basi tubadilishe Kiingereza kwanza. 'Ina makadamia. Huenda ikawa na karanga.' Hiyo naweka sahihi saa hii."

Jaswant alilitazama bakuli kana kwamba ni shahidi aliyenunuliwa na bado akasema ukweli. Akafuta mstari wake. Mnunuzi alitumiwa mstari mpya, na jioni akajibu kwa sentensi moja: mstari wa mbele utoke, mzigo uje.

Linah aliajiriwa rasmi wiki iliyofuata, kwa cheo alichokibuni mwenyewe. Agizo lake la kwanza lilipiga karanga marufuku ndani ya kiwanda. Mashine ingefunguliwa, ioshwe, ipimwe maabara, ndipo neno "huenda" liondoke. Tangu hapo Kemboi huzichoma kwa sufuria, nje ya geti, nazo huungua upande mmoja.

Kila Ijumaa saa nne Jaswant hutoka mpaka barabarani kuzila akiwa amesimama, kisha hunawa mikono chini ya macho ya Linah. Wafanyakazi humwita Linah "Mthai". Jina hilo hawalisemi kwa upendo.