Mwezi Uliolala

Mwanangu wa kwanza alirudi kutoka shule kiganja kimevimba. Nilipomuuliza amefanya nini, akasema amechora mwezi.

"Umechora mwezi, na nini kingine?"

"Mwezi tu, mama. Nimeuchora umelala."

Alikuwa darasa la tano. Mwalimu wao wa sayansi aliwaambia watazame mwezi jioni, kisha kesho yake kila mmoja alete mchoro wa alichokiona. Mwanangu alisimama nyuma ya zizi letu, upande wa mashamba ya ngano ya serikali ambako hakuna mti wala kilima cha kuzuia macho, akautazama mpaka ukazama. Nilimwona mwenyewe, nikamwita aje amshike mdogo wake, hakuja. Wenzake walifungua kitabu wakanakili. Kitabuni mwezi mchanga umesimama wima, tumbo limeelekea kulia. Wa mwanangu ulilala chali, ncha zote mbili juu.

Mwalimu aliona anafanyiwa mzaha. "Nimeagiza mwezi, wewe umeniletea pembe za ng'ombe." Akamchapa. Akasema hataingia kipindi cha sayansi mpaka auchore upya sawasawa na akubali mbele ya darasa kwamba alikosea. Na darasa likampa jina: Pembe.

Baba yao alikuwa kwenye kombaini, msimu wa mavuno, na ngano haimsubiri mtu. Nikamfunga mtoto mdogo mgongoni, nikaenda mwenyewe. Njiani nilipanga maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Nitasimama. Nimekuja kuuliza tangu lini mtoto anapigwa kwa kuona."

Mwalimu mkuu, mzee mtaratibu, alimwita mwalimu wa sayansi. Kijana mdogo, amepangiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, shati limepigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Nilitegemea ubishi. Badala yake alitabasamu.

"Umekuja siku nzuri, mama. Leo nawaonyesha kwa vitendo. Njoo ukae nyuma, utaelewa kosa la mtoto."

Nikaenda. Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo, mwalimu ameyaziba kwa magunia ya ngano, na watoto walikuwa wakipiga chafya gizani kwa vumbi la makapi. Mwanangu alikuwa amesimama nje mlangoni, mwalimu akamwashiria aingie. Katikati, juu ya meza, palikuwa na dawati, na juu ya dawati taa ya chemli inawaka, kimo cha kichwa cha mtoto. Mkononi mwalimu alikuwa na mpira wa netiboli aliousiliba chokaa, umechomekwa kwenye kijiti.

Sitamnyima haki yake. Alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha mimi.

"Taa ni jua. Mpira ni mwezi. Kichwa chako ni dunia. Nusu ya mpira ina mwanga wakati wote. Usiniambie mwezi umeliwa, haujaliwa na kitu. Sema unaona kiasi gani cha ile nusu yenye mwanga."

Akampa kijiti msichana mmoja, akamwambia aelekee taa. Upande wa mpira uliomtazama ulikuwa mweusi. Akamwambia ageuke polepole kushoto, mpira mbele yake. Ukingo wa kulia ukang'aa, mwembamba. Akaendelea, ikawa nusu. Alipoipa taa mgongo, akauinua mpira juu kidogo ili kichwa chake kisiukinge, na ukawa mweupe wote. Darasa lilisema "aaa" kwa pamoja. Hata mimi nilisahau kwa muda kwamba nimekuja kugombana.

Kisha akamwita mwanangu mbele.

"Ule mwembamba umeuona?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umekaaje?"

"Umesimama."

"Na ule wa angani, ulioutazama jioni?"

Mwanangu akanitazama. Nakumbuka macho yake katika mwanga wa chemli. Halafu akatazama chini.

"Umesimama, mwalimu."

Mtoto niliyemwita akakataa kuja kwa sababu ya kuutazama mwezi ule ule!

"Kuna mwingine aliyewahi kuuona umelala?" mwalimu akauliza darasa lote.

Nilikuwa nawajua wale watoto. Nusu yao walikuwa wa wafugaji, jioni wanarudisha ng'ombe mwezi uko mbele ya nyuso zao. Hakuna mkono ulioinuka. Mmoja akanong'ona, "Pembe," wakacheka.

Nikasimama na mtoto wangu mgongoni.

"Mwalimu, mwezi ule mwembamba watoto wanautazama saa ngapi?"

"Jioni, mama. Jua likishazama."

"Likishazama linakuwa wapi?"

"Magharibi."

"Magharibi juu hapo, kimo cha kichwa, kama taa yako?"

Aliitazama taa. "Linakuwa chini," akasema.

"Basi taa yako ishuke."

"Mama, kitabu kimeonyesha..."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Ishushe, mwalimu. Mafuta ni yale yale."

Kijana akaishusha mwenyewe, akaiweka sakafuni karibu na ukuta wa magharibi. Nikampa mwanangu kijiti, nikamsimamisha hatua chache kutoka pale, ameelekea ukuta, mpira kimo cha macho yake. Taa ikawa mbele ya mpira na chini yake.

"Usimtazame mwalimu. Usinitazame mimi. Tazama mpira. Mwanga uko wapi?"

"Chini," akasema.

"Sema kwa sauti."

"Uko chini. Umelala."

Watoto wakasukumana kupanga mstari nyuma yake, mmoja mmoja akichungulia juu ya bega lake. Mvulana aliyecheka akachungulia pia. "Pembe," akasema, lakini safari hii hakuna aliyecheka, maana ukingo mweupe ulikuwa chini ya mpira na ncha zake zimeelekea dari.

Nikawaambia nilichokumbuka kutoka jiografia ya sekondari. Kitabu hakidanganyi. Waliokichora wanaishi mbali kaskazini, kwao jua linazama kwa mshazari, linauacha mwezi pembeni. Kwetu, karibu na ikweta, linashuka karibu wima, mwezi unabaki juu yake, na mwanga unaupata kwa chini. Mwezi ni ule ule mmoja.

Mwalimu alikuwa bado amechuchumaa kando ya taa. Akasema polepole, kama anajisemea, "Kwetu pia unalala."

"Umesemaje?"

"Nyumbani kwetu, mama. Tangu utotoni nauona umelala hivi."

Nilidhani nimekuja kumfundisha mtu asiyejua. Kumbe alijua. Alimpiga mwanangu kwa kitu ambacho na yeye alikiona.

Akasimama, akang'oa gunia la kwanza dirishani. Mwanga ulipoingia alikwenda kwa mwanangu, akamwomba daftari, akaufuta mkasi mwekundu, alama ya kosa aliyoiweka juu ya mchoro, kwa kuuchorea alama ya vema juu yake. "Kaa mahali pako," akamwambia. "Kipindi kijacho uingie na wenzako."

Mwalimu mkuu alinisindikiza hadi njiani. Alisema nimefanya vizuri, ila siku nyingine nianze ofisini kwa sauti ya chini. Nilimwambia sina sauti ya chini.

Jioni ile mwezi ulikuwa umenenepa kidogo. Mwanangu alikwenda nyuma ya zizi, sikumwita. Aliporudi aliuliza, "Mama, kwenye mtihani nichore upi?"

"Ule uliouona."

Alikitazama kiganja chake, akakikunja.

"Nitachora wa kitabu," akasema, akaenda kumchukua mdogo wake.