Mwalimu Breki na Walioingia Mitini

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Breki kwa sababu gari la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wake, naye hakuwa na haya ya kuikanyaga. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwili uliojaa, sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja wa mazoezi, na kicheko kilichowafanya mafundi wa gereji ya jirani wainue vichwa kutoka kwenye boneti.

Kazi yake ilikuwa kumwambia mtu kosa lake. Ukigonga koni, anakuambia umekata usukani mapema. Injini ikizimika, anakuambia umeachia klachi kwa pupa. Hakuna aliyeshuka kwenye gari lile bila kujua alipoteleza. Labda ndiyo maana mambo ya kwenye simu yalimuumiza kuliko yanavyowaumiza wengine.

Aliyemwingiza huko ni mdogo wake, msusi mwenye saluni ya viti viwili. Siku hiyo alikuwa anamsuka, na mtu anayesukwa hana pa kukimbilia.

"Dada, huko gerejini unategemea nani akuone? Wote wana wake, na wasio na wake wana madeni."

"Wananiona sana tu."

"Wanaona gari."

Kabla ya mistari kumalizika, programu ya kutafutia wachumba ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Kwenye picha waliyochagua alikuwa ameegemea gari la mafunzo, anacheka mpaka jicho moja limefumba. Chini yake aliandika mwenyewe: "Nafundisha udereva. Nacheka kwa sauti. Napenda kula. Ukiwa na haraka, nipite."

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Sura zinakuja moja moja. Unayempenda unamsukuma kulia kwa kidole, usiyemtaka kushoto. Mkisukumana kulia wote wawili, mnafunguliwa uwanja wa kuandikiana. Wiki za kwanza Breki alifurahi kama mtoto aliyeachiwa rimoti. Wanaume waliojipiga picha na magari aliwatambua haraka: jinsi mtu alivyouegemea mlango, alijua kama gari ni lake au amelikuta limeegeshwa.

Mazungumzo, hata hivyo, yalikuwa ya namna moja.

"Mambo."

"Poa."

"Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Wewe tu."

Wa kwanza kuonekana ana maneno zaidi ya hayo alikuwa muuza vigae. Waliandikiana vizuri hadi alipouliza, "Kwa hiyo wewe ndiye unawaamrisha wanaume barabarani?" Breki akajibu, "Kila siku, na wananilipa." Akaweka na kikatuni cha kucheka. Muuza vigae hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Baada ya wiki, jina lake lilitoweka kwenye orodha pamoja na mazungumzo yote, kama vile hawajawahi kusalimiana.

Breki alitafakari. Jioni alifungua wasifu wake, akafuta "Nafundisha udereva", akaandika "Mwalimu". Mwalimu tu hatishi mtu.

Wa pili alikuwa mhasibu. Huyo walikutana ana kwa ana mara mbili, na mara ya pili Breki alimaliza sahani yake akamsaidia na viazi vilivyobaki kwenye ya mwenzake. Mhasibu alicheka, akamsindikiza, akaandika, "Nimefurahi sana leo. Tutapanga tena." Hawakupanga tena. Breki aliandika mara moja, akaandika mara ya pili kuuliza kama yuko mzima, akaona aibu ya kuandika mara ya tatu. "Napenda kula" nayo ikafutwa.

Kufikia hapo alikuwa amechoka, ila kuchoka huko hakukumtoa mtandaoni. Programu yenyewe haikuwa na haya: ukikaa siku mbili bila kuifungua, inakuletea taarifa kwamba kuna watu wamekupenda, na ukienda kuwatazama unakuta sura zao zimefunikwa ukungu mpaka ulipie. Aliifuta, akairudisha. Aliifuta tena, akairudisha akiwa foleni ya benki. Alisimulia maisha yake kwa watu wengi hivi kwamba akaanza kunakili majibu aliyomtumia mmoja na kumbandikia mwingine. Siku moja alimuuliza mwanamume hali ya mguu wa mama yake, mwanamume akajibu kwamba mama yake alishafariki. Mguu ulikuwa wa mama wa mwingine.

Kisha akaja Fundi Lifti.

Huyu alikuwa anatengeneza lifti kwenye majengo marefu, na alijua kusimulia. Kila asubuhi alituma salamu kabla Breki hajavaa viatu. Walihama kutoka kwenye programu wakapeana namba, jambo ambalo kwa wenye uzoefu ni kama kuhamia nyumba. Walikutana mara kadhaa, wakatembea, wakanunuliana vitu vidogo. Akasema, "Dada yangu anataka kukuona. Jumamosi ijayo twende." Breki akapeleka gauni kwa fundi cherehani likapunguzwe urefu.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, Fundi Lifti alimsimulia kwa ujumbe wa sauti jinsi alivyokwama ndani ya lifti aliyotoka kuitengeneza. Breki alimjibu kwa ujumbe wa sauti pia, ambao karibu wote ulikuwa kicheko. Tiki mbili zikatokea. Zikageuka bluu. Basi.

Jumamosi ilifika ikapita, na gauni likabaki kwenye hanga. Breki alimpigia, simu iliita mpaka ikakata. Juu ya dirisha la mazungumzo kulikuwa na neno linaloonyesha kwamba yupo hewani, na neno hilo ndilo lililomuua. Angekuwa mgonjwa asingekuwa hewani. Angekuwa ameibiwa simu asingebadilisha picha. Baada ya siku kadhaa picha yenyewe ikapotea, ikabaki ile sura ya kijivu isiyo na macho, na ujumbe wa mwisho wa Breki ukakaa na tiki moja. Alikuwa amefungiwa.

"Ameingia mitini," mdogo wake alisema. "Achana naye."

"Lakini nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Haiwezekani. Gari halizimiki bila sababu."

Alirudi kusoma mazungumzo tangu mwanzo, akisaka mahali alipokosea. Alisikiliza ujumbe wake wa sauti mara nyingi, na kila mara kicheko kilisikika kibaya zaidi, hadi kikawa kama cha mtu asiyemjua. Akafikia uamuzi: ni kicheko. Akafuta "Nacheka kwa sauti", akaondoa ile picha, akaweka nyingine aliyofunga mdomo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Hakuishia kwenye simu. Alianza kuziba mdomo kwa kiganja akichekeshwa. Alipokutana na mtu aliagiza maji tu. Jambo baya zaidi likamfuata kazini: mtu ambaye hajui kosa lake huanza kushuku kila kitu chake, na Breki akaanza kushuku hata macho yake. Mwanafunzi akikata usukani mapema, alijiuliza, je, ni mapema kweli, au mimi ndiye mkali?

Wa kwanza kumshtukia alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu aliyeamua kujifunza udereva baada ya kuchoka kuwaomba wanawe wampeleke mahali. Siku hiyo alikuwa anajifunza kuegesha kinyumenyume. Aliangusha koni ya kwanza.

"Vizuri, mama," alisema Breki.

Akaangusha ya pili.

"Si mbaya. Samahani, labda sikueleza vyema."

Ya tatu ilikwama chini ya gari ikaburuzwa. Mkunga akavuta breki ya mkono, akazima injini.

"Mwanangu, hizo koni zingekuwa watoto, ningekuwa nimemaliza darasa la chekechea. Wewe unasema vizuri. Nimelipa kusifiwa?"

"Samahani, mama."

"Na hiyo samahani ni ya nini? Nani amekufanya hivi?"

Breki alisema hakuna mtu. Mkunga akamtazama kwa macho ya aliyezoea kuambiwa hakuna uchungu na wanawake walioshika kitanda kwa mikono miwili. Hakuuliza tena.

Jioni ya siku hiyo Breki alikuwa saluni, akimsubiri mdogo wake afunge, ndipo ujumbe ulipoingia kwenye programu. Jina la mwandishi alilikumbuka kwa shida. Alikuwa mfuga nyuki, mtu mpole ambaye miezi mingi nyuma waliandikiana naye vizuri kwa wiki mbili tatu.

Ujumbe ulisema: "Habari. Sikuandikii ili turudi nyuma. Naomba kujua tu. Tulikuwa tunaongea vizuri, nikakutumia picha za mizinga, ukanyamaza. Tangu hapo siwaambii wanawake kuhusu nyuki, nasema nafanya biashara. Kama tatizo lilikuwa nyuki niambie, sitachukia."

Breki alisoma, akampa mdogo wake asome.

"Ulimchunia?"

"Sikumchunia. Bomba la jikoni lilipasuka."

"Miezi yote hii?"

"Lilipasuka siku ile. Nikasema nitamjibu kesho. Kesho nikachoka. Kesho kutwa nikaona nimechelewa, nitaanzaje? Basi ikawa hivyo."

"Na nyuki?"

"Nyuki niliwapenda. Nilitaka kumuuliza kama malkia ana kazi nyingine zaidi ya kutaga."

Alisikia alichokisema mwenyewe. Mtu mzima, mwenye mizinga yake, alikuwa amewaficha nyuki kwa sababu ya bomba. Breki alikaa kwenye kiti cha saluni, chini ya ile mashine ya kukaushia nywele, akaanza kucheka, na mkono uliochelewa kufika mdomoni akauacha mapajani. Alicheka mpaka mteja wa mwisho akatoa kichwa kwenye sinki kuangalia kuna nini. Kisha machozi yakamtoka kidogo, na hayo hayakuwa ya kicheko.

Alimjibu mfuga nyuki ukweli mtupu, bomba na uchovu na aibu, akamwomba radhi. Jibu lilirudi haraka: "Bomba? Ahsante, dada. Nimeshusha mzigo." Wakaulizana habari za malkia, wakaagana vizuri. Mapenzi hayakuwepo hapo tena, na hakuna aliyeyatafuta.

Kwa nini Fundi Lifti alinyamaza, Breki hakujua na hajui hadi leo. Huenda ni kicheko kweli. Huenda alikuwa na mke, au bomba lake. Iliendelea kumuuma, hasa asubuhi kwenye saa ya salamu, lakini aliacha kujikatakata ili apate jibu. Kwa mkunga alirudia somo la kuegesha bila kumtoza, akamwambia kwamba anatazama kioo kimoja tu na kusahau kingine. Mkunga alisema huyo ndiye mwalimu aliyemlipia.

Programu aliifuta, na safari hii ilikaa nje miezi. Alipoirudisha, aliirudisha kwa sababu alitaka, akaandika upya mambo ambayo ni yake, akajipa sharti la kutozungumza na zaidi ya wawili kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi saa, mtu msafi, mwenye adabu, na asiye na neno. Walikunywa chai wakatazamana. Asubuhi iliyofuata Breki alikaa kwenye gari kabla ya mwanafunzi wa kwanza, akaandika, akafuta, akaandika tena: "Nashukuru kwa jana. Wewe ni mtu mzuri, ila sijaona kama tunaendana. Nakutakia heri." Akafumba macho, akatuma.

Tiki zikawa bluu.

"Ahsante kwa kuniambia," fundi saa aliandika. "Hata mimi nimeamka saa kumi na moja natafuta namna ya kusema hivyo hivyo."