Lango la Shule na Kreti za Dadangu

Dadangu alikuwa na kreti nyingi za soda langoni, hata ukisimama nyuma yake huoni shule. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Kibanda chake kilikuwa kando ya lango la shule ya msingi hapa Kawangware, na kengele ya mapumziko ilipolia watoto walimwangukia kama siafu. Walikunywa wamesimama, wakarudisha chupa, wakakimbia na midomo ya rangi ya chungwa. Yeye alimjua kila mmoja: huyu wa chungwa, yule wa nyeusi, huyu wa kukopeshwa mpaka kesho.

Kitu kimoja niseme mapema, kwa sababu ndicho kinachonikosesha raha. Mimi nilisoma kwa soda. Wakati tukiishi Lindi, kule Kibera, chumba kimoja tukilala kwa zamu kama walinzi, nilikuwa mjengo mchana nikibeba mawe na darasani usiku, mtu mzima mwenye ndevu akisoma na watoto wa sekondari. Karo yangu ilitoka kwenye kreti. Siku nilipopata cheti cha kidato cha nne, dadangu aliita mtaa mzima, akafungua chupa mpaka majirani wakaomba maji. Baadaye cheti hicho kilinipa kazi ya uhudumu wa afya ya jamii. Nilihamia Kawangware, yeye akanifuata na biashara yake. Ninazunguka nyumba hadi nyumba na begi lenye mashine ya presha na ya sukari, na jioni nikirudi zahanatini Riruta huwa nimetembea kutoka hapa mpaka Uganda.

Basi siku moja mwalimu mkuu akatuita mkutano. Shule ilikuwa imeanza kupokea chakula cha mchana kutoka jiko kubwa la kaunti: wali na maharagwe leo, githeri ya mahindi na maharagwe kesho, ndengu kesho kutwa. Mzazi analipa kidogo, serikali inalipa kilichobaki, na mtoto anagusisha bangili yake ya malipo kwenye kifaa ndipo apakuliwe. Shida ni kwamba chakula kilikuwa kinarudi. Ndoo ya mabaki ilijaa. Watoto walikunywa soda saa nne, saa saba tumbo limejaa mapovu, githeri inaangaliwa tu, na saa nane wanalala mezani.

Ofisini tulikaa watu wa kila aina. Mwalimu mkuu, afisa wa afya ya umma, mama wa leseni za biashara, bwana wa kampuni ya maji, afisa wa jiko, mzazi mmoja, na mimi wa begi. Afisa wa afya ndiye aliyefungua kazi.

"Mimi peke yangu siwezi," alisema. "Zahanati inatibu meno na kisukari. Mama hapa anatoa leseni ya soda mita mbili kutoka langoni. Bwana wa maji, mfereji wa shule hautoi maji, mtoto akishikwa na kiu atakunywa nini? Mwalimu anapakua chakula, sisi tunashibisha watoto kwa sukari kabla hawajafika mezani. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri, na mtoto anaumia."

Mama wa leseni akacheka. "Leseni yangu haiulizi sukari. Inauliza kama umelipa na kama kibanda hakijaziba barabara."

"Ndiyo maana tumekuita. Ianze kuuliza."

Hapo mlango ukagongwa. Mwalimu mkuu, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu, alikuwa ameagiza soda za wageni. Mkutano bila soda ni matusi. Na soda ya karibu ilikuwa ya nani? Dadangu akaingia na kreti kichwani, akamfungulia kila mmoja. Mimi akanipa mbili.

"Huyu ni papa wangu," akawaambia. Kwetu Magharibi ndivyo mtoto wa kiume unayempenda anavyoitwa. "Mpeni kazi ngumu, ana kichwa." Kisha akanigeukia. "Mnaongea nini wakubwa hivi?"

"Mambo ya chakula cha watoto," nikamjibu.

"Mungu awabariki."

Alipotoka hakuna aliyemtazama mwenzake. Afisa wa afya aliisukuma chupa yake mbali kidogo. Mimi nilikunywa zote mbili. Ningefanya nini, nimrudishie? Nilikunywa kwa haraka kama dawa, na nilichomjibu kilikuwa kweli, ila nusu.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha, kwenye ukumbi wa jamii. Tulipanga nizungumzie vinywaji vyenye sukari. Nilikuwa nimefundishwa nikafundishika: kwetu ushuru wa soda huhesabiwa kwa lita, kwa hiyo soda yenye sukari ya kutosha kupikia harusi inalipa sawa na isiyo na sukari kabisa, na maji ya chupa nayo yanatozwa. Tuliomba ushuru upande kadiri sukari inavyopanda, ili kiwanda kione afadhali kupunguza sukari kuliko kulipa, na maji yaondolewe. Na pesa zikipatikana, ziende kwenye jiko la watoto.

Nilisimama nikasema hayo yote, nikapigiwa makofi ya kutikisa mabati mpaka Ngong. Afisa wa hazina akaandika, kisha akasema kwa upole, "Ushuru wote huingia mfuko mmoja. Hatuwezi kuahidi kwamba shilingi ya soda itaenda kwenye sahani. Hilo ni la bunge kwenye bajeti. Lakini liandikeni, lisomwe."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwa wenye vibanda.

"Na mimi niandikiwe."

Nilijua ni nani kabla sijageuka.

"Mnasema kiwanda kitalipa," dadangu akasema. "Kiwanda hakijawahi kulipa kitu. Bei inapanda, mtoto ananinunia mimi. Huyo kijana aliyeongea vizuri hivyo, mnajua alisomea wapi? Alisomea kwenye chupa zangu! Ulizeni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja akapiga kelele, "Basi soda inaongeza akili, ipunguziwe kodi!" Nilicheka na wao, meno nje, masikio yanawaka. Yeye hakuwa amekasirika, na hilo lilinikata zaidi. Alinikonyeza hata, kama kusema, papa, tumewafurahisha.

Tukarudi kwenye mambo ya lango, ambayo yalikuwa ndani ya uwezo wetu. Bwana wa maji alifufua mfereji wa shule. Sijui alifanya nini, lakini maji yalitoka kwa nguvu ya kuangusha ng'ombe. Mama wa leseni akakubali sharti kwa vibanda vya karibu na lango. Sharti lenyewe niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri: "Hakuna kuuza soda karibu na lango la shule." Wote wakatia sahihi, likaandikwa kwenye ubao langoni. Hakuna aliyeliona tobo, na mimi ndiye niliyelitoboa.

Jumatatu kreti hazikuwepo. Mahali pake dadangu alikuwa ameweka ndoo safi yenye mfuniko, vikombe, na pakiti za unga wa juisi. Alikoroga ndani ya maji, akatia vijiko vya sukari nisivyotaka kuvitaja, rangi nyekundu ya kutisha. Ilikuwa rahisi kuliko soda, tena haijapita kiwandani kwa mtoza ushuru yeyote. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya zamani.

"Sasa hii ni nini?" nikamuuliza.

"Si soda," akasema. "Mmesema soda. Nimesoma ubao wenu neno kwa neno. Nimetii serikali."

"Dada, ni sukari ileile."

"Kwani nyinyi mlikataa sukari? Mngeandika hivyo." Akanimiminia kikombe. "Onja, papa. Umekonda na hiyo mikutano."

Ndoo ya mabaki shuleni ilikuwa bado inajaa. Nililimeza jambo hilo kwa siku kadhaa. Ningeweza kunyamaza. Mwalimu mkuu alikuwa bado hajagundua kwa nini githeri inarudi, na afisa wa afya alikuwa na maeneo mengine. Nilijua jibu, lipo kwenye kikombe nilichopewa bure. Ningenyamaza, dadangu angebaki langoni mpaka uzeeni, na watoto wangeendelea kulala mezani saa nane. Nilijaribu kujidanganya kwamba mimi si mtu wa kuamua. Lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Mkutano uliofuata, chai ya rangi tu, nikasema. "Tubadilishe neno. Tuandike kinywaji chochote kilichotiwa sukari." Nikaeleza kwa nini. Nilieleza kwamba anayekoroga ndoo ni dadangu. Mama wa leseni akaweka kikombe chini.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na ninaomba kitu kingine. Kama tunamwondolea riziki, tumpe nyingine. Jiko linahitaji wapakuaji."

Afisa wa jiko akakohoa. Wapakuaji, kwa utaratibu wa shule hiyo, walichaguliwa kati ya wazazi wenye watoto darasani, na kila mmoja awe na cheti cha afya cha kushika chakula. Watoto wa dadangu walishamaliza shule. Nikauliza kama anaweza kuuza matunda langoni. Wakakubali, ndizi na mapapai, leseni mpya bila matatizo. Nilitoka nikijiona nimeokoa dunia.

Aliuza ndizi karibu mwezi. Lakini mtoto aliyeshiba githeri hanunui ndizi, na mtoto mwenye kiu sasa alikuwa na mfereji. Mpango ulikuwa umefaulu kila upande, ila upande wake. Asubuhi moja nikakuta kibanda kimefungwa, na jirani akaniambia amerudi Kibera, anauza nguo za watoto Soko la Toi.

Nilikawia kumtembelea. Nilijitungia sababu mia nane: kampeni ya chanjo, mvua, goti. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta amekaa juu ya bunda la mitumba, akichambua sweta ndogo za shule. Aliinuka akanikumbatia. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Nilingoja aniseme, nikamlainishia njia kabisa.

"Dada, kuhusu lile lango..."

"Biashara huku si mbaya," akanikata. "Mguu tu unauma kwa kukaa." Akaendelea kukunja. Kisha akauliza, "Wale watoto, sasa wanamaliza chakula?"

"Wanamaliza! Wanalamba mpaka sahani, zikifika kuoshwa ni safi, tunaokoa sabuni ya kaunti."

Akaacha kukunja. Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa nikirudi kutoka darasani usiku nikidai nimefaulu hesabu.

"Papa, usinitilie chumvi kwa hili. Nimelilipia. Niambie kweli."

"Wengi wanamaliza," nikasema. "Si wote. Ndengu bado wanaibakiza. Lakini saa nane hawalali tena mezani. Mwalimu wa darasa la tatu ameniambia."

"Na yule mdogo, wa kukopeshwa mpaka kesho?"

"Anamaliza. Anaomba tena."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitu mkononi na kukuta uzito wake ni ule aliotarajia. Mama mmoja akasimama mbele yetu akitafuta sweta ya mtoto wa darasa la kwanza. Dadangu akamgeukia, akaanza kumtafutia saizi.