Nusu ya Kuni, Nani Alipima

Hiyo bango niliandika mimi, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza Form Four, na mwandiko wangu mzuri ulikuwa umenipatia kazi kwa fundi mmoja Migori, mtu wa kujenga majiko ya matofali ya kukausha samaki kwa moshi. Aliniambia niandike kwa rangi ya kijani: JIKO YA KISASA. NUSU YA KUNI. OKOA MITI. Nikaandika, hata nikachora mti kando. Sikuuliza nusu ya nini.

Mama mdogo wangu, dada ya mama, alikuwa anakausha mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, huko Sindo, kwa pipa kuukuu. Alisoma bango, akaona ni mkono wangu, akajengewa jiko. Siku ya kwanza aliweka kuni nusu ya zile za kawaida, kwa sababu bango ilisema hivyo. Kuni ikaisha samaki bado mbichi ndani. Alizunguka majirani kuomba kuni, kila mtu ana moto wake. Mchuuzi aliyekuwa akimchukulia samaki kila wiki alifungua kikapu, akanusa, akaenda kununua kwa mwingine.

Nilipofika hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "hiyo nusu, ulipima?"

"Fundi alisema."

"Sijauliza fundi."

Nikarudi Migori nimejaa hasira. Fundi alikuwa anakunywa chai.

"Hiyo nusu ulitoa wapi, Mzee?"

"Kuna kitabu nilionyeshwa kwa semina. Jiko kama yetu."

"Kama yetu, ama yetu?"

"Wewe mtoto, jiko ni jiko. Mama yako mdogo hajui kuwasha moto."

Mtu wa kumwambia mama mdogo hajui moto hajawahi kula samaki yake. Niliomba siku kumi, nikaenda Sindo, nikaazima mizani kwa beach, pale wanapopimia samaki. Tukapima kila kitu: kuni kabla, kuni iliyobaki, samaki kabla, samaki baada. Kuni ya mti mmoja, kavu yote, mbuta za ukubwa mmoja. Siku moja pipa, siku moja jiko, kisha tena, kwa sababu mara moja inaweza kukudanganya. Jiko ikala kuni karibu sawa na pipa. Nilitaka kuivunja kwa jembe.

Halafu nikaona. Jiko ilikuwa na trei tano za waya, moja juu ya nyingine, moto mmoja unapanda zote. Mama mdogo alikuwa anaweka trei moja tu, samaki yake haikuzidi hapo. Pale hakuna mwanamke anayeweka samaki yake kwa moto wa mwingine. Ikipotea moja, ni ugomvi mpaka kanisani.

"Jaribu na majirani wanne," nikamwambia.

"Wale? Yule wa kushoto ataniambia nimekula mkia."

"Funga kila samaki kitambaa cha rangi yake."

Walicheka, wakalalamika, wakafunga. Yule wa kushoto alihesabu mikia mara tatu. Trei zote zikajaa, na kwa kila kikapu cha samaki kuni ikapungua karibu theluthi. Tukarudia, ikawa vile vile. Theluthi si nusu, na trei moja si kitu.

Nikaandika bango mpya: TREI TANO ZIKIJAA, KUNI KARIBU THELUTHI CHINI YA PIPA. ILIPIMWA SINDO, KUNI KAVU, MBUTA. TREI MOJA HAIPUNGUZI. Maneno ya miti nikayaacha nje. Hakuna aliyehesabu mti hata mmoja, na matofali yenyewe tulichoma kwa kuni.

Fundi akasoma polepole. "Hii ni bango ama barua kwa chifu? Nani atanunua?"

"Mwenye majirani."

"Nusu inauza."

"Nusu iliharibu samaki ya mama mdogo wangu."

Kwa maonyesho ya kilimo Homa Bay fundi alitundika ile bango ya zamani. Nilisimama kando ya jiko na daftari yangu. Wanawake wawili kutoka Sori wakamuuliza kama ni kweli. Akasema inajulikana. Mmoja akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unaandika. Ni kweli?"

Nikawasomea: kuni, samaki, siku, trei. Nikawaambia wakianza peke yao wabebe kuni kama kawaida. Yule mmoja akamuuliza mwenzake kama anaweza kuweka samaki pamoja naye. Mwenzake akasema, "Na wewe? Hapana." Wakaondoka bila kununua.

Fundi alinifuata nyuma ya hema. "Jumatatu usikuje."

"Sawa. Lakini bango ishuke. Mkono ni wangu."

"Rangi ni yangu."

Nikaenda mwenyewe mbele ya watu, nikachovya burashi kwa rangi nyeusi na nikafuta neno NUSU. Hakunizuia, watu walikuwa wanaangalia. Ikabaki JIKO YA KISASA. YA KUNI. OKOA MITI.

Kwa MITI nilikuwa bado sijafika, na hiyo nayo hakuna aliyepima.