Barua Iliyoshonewa Kwenye Bitana

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kwenye pasipoti. Alikuwa Bi Mshono, na cherehani yake ilikaa barazani tangu binti yake wa mwisho hajaota meno. Alikuwa mshonaji wa kweli, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Mteja akileta gauni lenye uzi unaoning'inia, humtazama kwanza yeye, kisha gauni, kisha yeye tena, mpaka mtu anajuta kutoka nyumbani. Watoto wake walizoea kurudishwa kutoka mlangoni wakienda shule kwa sababu ya pindo lililoachia. "Mtu hatoki na nguo inayocheka," alisema, na hakuna aliyebishana naye.

Lakini kilichompa jina hasa ni mifuko ya siri. Alipokuwa kijana, mwizi alimkatia mkoba kituoni na kuondoka na vyeti vyake vyote vya shule. Kuanzia siku ile kila kitu cha maana alikishonea ndani ya nguo, na wateja wakamfuata kwa hilo. Wenye safari walileta makoti yao, na yeye akawatengenezea mfuko kati ya kitambaa cha juu na bitana, mfuko usio na mdomo. "Mfuko wenye mdomo ni mlango," aliwaambia, "na mlango hufunguliwa na yeyote."

Sasa safari ilikuwa yake. Binti yake wa mwisho alikuwa nchi ya mbali, mjamzito wa mtoto wa kwanza, na mume wake alikuwa baharini na meli ya mizigo, harudi mpaka mwezi ujao. Madaktari wa huko walisema mtoto amekaa vibaya, atatolewa kwa upasuaji, siku imeshapangwa. Binti alimpigia simu na hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama. "Mama, nitaingia chumba kile peke yangu," alisema tu. Bi Mshono akajibu kwamba haingii peke yake mtu mwenye mama.

Kusema ni rahisi. Bi Mshono alikuwa na kisukari cha muda mrefu, anajidunga insulini asubuhi na jioni, na si siku nyingi alikuwa ametoka kulazwa kwa kidonda cha mguu kilichotunga usaha. Shirika la ndege liliposikia habari ya kulazwa likasema halimpandishi bila barua ya daktari inayothibitisha kwamba afya yake inaruhusu kuruka. Na wa ukaguzi wa uwanja wa ndege nao wangetaka barua ya kueleza zile sindano. Mume wake, karani mstaafu aliyependa karatasi kuliko chakula, alifurahi kupata kazi.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Barua ya kwanza daktari aliiandika kwa mkono mlangoni, mguu mmoja nje, kwenye karatasi ya kuandikia dawa. Ilisema mgonjwa aruhusiwe kusafiri. Mzee aliisoma akivaa miwani, akaisoma akivua miwani.

"Hakuna muhuri," alisema. "Hakuna jina la dawa. Sindano hazijatajwa. Hii ni salamu, si barua."

Wakarudi. Barua ya pili ilichapwa vizuri, yenye muhuri na yenye dawa, ila iliandikwa kwa jina la Bi Mshono, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye kadi yake ya kliniki. Dada wa mapokezi aliyeandika kadi ile miaka iliyopita alikuwa jirani yao, na hakuwahi kumjua kwa jina jingine.

"Lakini si ndiye wewe, mama?" dada yule aliuliza. "Mji mzima unajua."

"Mwanangu, ndege haikai mtaa huu," Bi Mshono alijibu. "Nikifika kule na barua ya Bi Mshono na pasipoti ya mtu mwingine, watauliza nimeiba dawa za nani."

Waliporudi mara ya tatu, wakiwa na pasipoti mkononi, daktari mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuwa dada wa umri wa binti yake wa kwanza, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Mara hii alifungua bandeji, akabonyeza pembeni mwa kidonda, akapima sukari, akatikisa kichwa.

"Siwezi kusaini kwamba uko salama kuruka wakati hauko salama, mama. Kidonda bado kibichi na sukari iko juu. Tunza dawa zako, njoo karibu na safari nikuone upya. Na shirika linataka barua ya siku hizo hizo, si ya zamani."

Bi Mshono alitoka pale amefura. Alimlaumu daktari, akamlaumu mume wake kwa kupumua kwa sauti, akaulaumu na mguu. Lakini wiki ile hakugusa kitu kitamu, alijidunga kwa saa, na cherehani aliikanyagia kwa mguu mmoja. Alipokwenda mara ya nne kidonda kilikuwa kimekauka. Daktari akapima kila kitu, kisha akachapa barua kama inavyotakiwa: jina la kwenye pasipoti, ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake, kwamba kalamu za insulini na sindano zake lazima ziwe naye ndani ya ndege, kwamba amemwona na anafaa kuruka. Akasaini, akagonga muhuri.

"Dawa usiziweke kwenye sanduku la mizigo," alimwonya. "Kule chini baridi inaweza kuzigandisha, na insulini iliyoganda haifai tena. Ziache kwenye maboksi yake, lebo yenye jina lako ionekane. Na barua hii, mama, iweke mahali ambapo haiwezi kupotea."

Laiti angesema iweke karibu. Alisema haiwezi kupotea, na kwa Bi Mshono mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu: ndani ya mshono. Mzee alitoa nakala moja kwa ajili ya shirika la ndege, na ile halisi mkewe akaichukua, akaikunja, akaifunga kwenye nailoni na kuishonea ndani ya koti lake jipya la safari, kifuani upande wa kushoto. Alitumia uzi uliokunjwa mara mbili na kupakwa nta, mshono wa kurudi nyuma, mdogo mdogo. Mzee alipouliza barua iko wapi, alijipigapiga kifua akasema iko na mwenyewe. Karani wa watu akaridhika.

Uwanjani, dada wa kaunta alipokea nakala, akaangalia kompyuta yake, akasema ruhusa ya afya imeshaingizwa. Nakala akaibana pamoja na karatasi zake. Mzee aliishia hapo, maana wasindikizaji hawavuki. Alimwambia mkewe akumbuke kula na akasimama akipunga mkono mpaka akawa haonekani.

Kwenye ukaguzi mambo yalianza na mkasi. Ulikuwa mkasi wake wa kushonea, mrefu, ambao umekaa ndani ya mkoba ule miaka mingi kiasi kwamba hakuuona tena kama kitu cha kutoa. Askari wa ukaguzi, mwanamke mwenye macho ya usingizi, aliutoa na kuutumbukiza kwenye pipa la vitu vilivyokatazwa. Kisha akatoa maboksi ya insulini, sindano, na mfuko wa ubaridi wa kutunzia dawa.

"Mama, hizi zina barua ya daktari?"

"Ninayo."

"Naomba niione."

"Iko hapa," Bi Mshono alisema, akijigusa kifua. Kisha mkono ukabaki pale pale, maana ndipo alipokumbuka.

Akaomba arudishiwe mkasi. Askari alimtazama kama mtu aliyeombwa bunduki.

"Mama, mkasi nimekunyang'anya sasa hivi."

"Najua, uko hapo kwenye pipa, nauona. Nipe nikate uzi mmoja, nikurudishie."

"Hatumpi abiria kitu tulichomnyang'anya."

"Basi kata wewe."

"Hatukati nguo za abiria."

Aliitwa mkubwa wao, akaja, akasikiliza, akarudia maneno yale yale kwa sauti nzito zaidi. Bila barua, alisema, sindano hazipiti. Angeweza kusubiri pembeni mpaka mume wake apatikane na nakala nyingine. Mzee alikuwa ameshaondoka na simu yake, kama kawaida, ilikuwa imezimwa ili isiishe chaji. Foleni nyuma ikaanza kuguna, na juu ya vichwa vyao sauti ikatangaza kwamba abiria wa ndege yake waelekee mlangoni.

Bi Mshono alivua koti, akaupeleka mshono mdomoni. Aling'ata upande huu, akang'ata upande ule, akavuta kwa kucha. Haukutikisika. Alikuwa ameushona ili mwizi mwenye wembe achoke, na sasa aliyechoka ni yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alijitukana kimoyomoyo, akautukana na ufundi wake, na nyuma ya hasira ile kulikuwa na hofu tupu: binti yake akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, akigeuza shingo kutazama mlangoni.

Hapo akashika bitana kwa mikono miwili, akaweka goti juu ya meza ya ukaguzi, akavuta. Mshono haukuachia. Kitambaa ndicho kilichoachia, kikachanika kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, na mlio wake ukawanyamazisha watu wote wa foleni.

Askari aliitoa barua kwenye nailoni yake yenye jasho. Akalinganisha jina na pasipoti, dawa na lebo ya boksi, akatazama muhuri, akapitisha kitambaa cha kupimia vilipuzi juu ya vifaa.

"Haya mama, safari njema," alisema. Kazi nzima haikuzidi muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Bi Mshono alitamani kumwambia neno, akaona ndege haimsubiri, akakimbia kwa mguu wake wa bandeji.

Kesho yake alifika hospitali moja kwa moja kutoka uwanjani. Binti alikuwa ameshavalishwa joho la upasuaji, na muuguzi alikuwa akisubiri kumsukuma. Bi Mshono aliinama kumkumbatia, na bitana ikaning'inia nje ya koti, nyuzi zikiwa hovyo.

Binti aliitazama. Alikuwa yule yule aliyerudishwa nyumbani mara nyingi kwa uzi mmoja wa pindo.

"Mama," alisema polepole. "Koti lako."

"Liache."

Machozi ambayo binti hakuyalia kwenye simu yakaja yote kwa pamoja. Akaikamata ile bitana iliyochanika, akaizungusha kwenye vidole vyake, na mama yake akatembea ubavuni mwa kitanda akiwa amevutwa nayo, mpaka muuguzi aliposema sasa inabidi aiachie.